Nina kigugumizi na natakiwa kujitambulisha kazini: nibadilishe maneno gani, yapi niyaache?

MezaYaNyuma

Wakuu, heshima mbele. Wiki ijayo naanza kazi mpya, na nimeshaambiwa kwamba kwenye kikao cha kwanza kila mgeni atasimama ajitambulishe mbele ya watu kama ishirini. Nina kigugumizi tangu utotoni. Kwenye mazungumzo ya kawaida napita, nabadilisha neno hapa na pale, wengi hawagundui. Lakini kujitambulisha kunanimaliza. Jina langu ni Tatu, na T ndiyo inayonikamata kuliko zote. Inafuata K. Nikikwama kwenye T sirudiirudii, ni kimya kabisa. Hakuna sauti, uso unakaza, watu wanaanza kutazamana.

Nimeandika nitakachosema:

> Habari za asubuhi. Kwa majina naitwa Tatu. Taaluma yangu ni takwimu. Kabla ya kuja hapa nilikuwa kwenye kampuni ya bima, kitengo cha madai, kwa miaka minne. Timu hii imenipa kazi ya kuandaa taarifa za kila mwezi. Karibuni tushirikiane.

Nikisoma peke yangu chumbani sikwami hata mara moja. Nikimsomea mdogo wangu, nakwama sehemu zilezile kila mara. Naomba msaada wa maneno. "Jiamini" nimeshaambiwa ya kutosha.

MzeeVisawe

Dada, umefika kwa mwenyewe. Mimi nimeishi kwa visawe maisha yangu yote. Kanuni ni moja: kila neno linaloanza na T au K, toa, tafuta ndugu yake. "Takwimu" weka "hesabu". "Kampuni" weka "shirika". "Kitengo" weka "idara". "Taarifa" weka "ripoti". "Timu" weka "ninyi".

Jina nalo lina njia. Tumia jina la pili, au anza na la ukoo, la kwanza lije mwishoni kwa haraka kabla halijashtuka. Mimi kwenye simu wakiuliza "nani mwenzangu?" nasema "ni mimi". Wanaonijua wananijua. Hata yule mfalme wa Uingereza, George wa Sita, mwalimu wake alikuwa anampitia hotuba na kumbadilishia maneno magumu. Kama mfalme alibadilishiwa, sisi ni nani?

BabaNuru

Poleni na hongereni kwa uzi. Mimi mwanangu ana miaka mitatu na nusu, alikuwa anaongea vizuri, ghafla ameanza "ma-ma-ma-mama". Bibi yake anasema tumkatize aanze upya kila akikosea. Ni maneno gani rahisi nimfundishe?

SautiLaini

Nafanya kazi ya tiba ya usemi, na watu wazima wenye kigugumizi ndio wengi ninaowaona. Nianze na BabaNuru kwa ufupi, maana swali lake ni tofauti kabisa na la mwenye uzi. Mtoto wa umri huo usimfundishe maneno rahisi, wala usimkatize. Msikilize anachosema, usiangalie anavyokisema, na wewe mwenyewe punguza kasi ya kuongea naye. Watoto wengi wa umri huo huacha wenyewe. Lakini ikiendelea kwa miezi kadhaa, au ukiona anakaza uso, au anaacha kusema alichokusudia, au kwenu kuna mtu mzima mwenye kigugumizi, mpeleke akaangaliwe bila kungoja. Bibi mwambie kwa heshima kwamba kumkatiza kunamfundisha kuogopa kuongea.

Sasa Tatu. Kabla hatujabadilisha hata neno moja, nahitaji kitu kimoja kutoka kwako. Msomee tena mdogo wako, washa kinasa sauti cha simu, halafu utuandikie hapa ni maneno gani hasa ulikwama. Usikisie. Watu huorodhesha herufi wanazoziogopa, na mara nyingi orodha hiyo hailingani na sehemu wanazokwama kweli.

Mzee, kuhusu mfalme: ni kweli Lionel Logue alikuwa anapitia hotuba, anabadilisha maneno mengine na kuweka alama za mahali pa kutua. Lakini walianza kufanya kazi pamoja mwaka 1926, mazoezi ya pumzi na sauti siku baada ya siku. Na hotuba ya tarehe 3 Septemba 1939 ukiisikiliza, bado vituo vyake vinasikika. Visawe vilikuwa sehemu ndogo ya kazi ile.

MezaYaNyuma

Nimefanya. Nimeshangaa kidogo. Nilikwama kwenye hizi: "Kwa majina", "Tatu", "Taaluma", "Kabla", "Timu", na "Karibuni" kidogo.

Sikukwama kwenye "takwimu", "kuja", "kwenye kampuni", "kitengo", "kazi", "kuandaa", "taarifa", "kila", wala "tushirikiane". Nilikuwa naamini "takwimu" ndilo neno baya kuliko yote, kwa sababu nikiulizwa ghafla "unafanya kazi gani?" huwa nakwama hapohapo.

SautiLaini

Asante, umetufanyia nusu ya kazi. Angalia orodha yako vizuri. Ukiondoa jina, kila neno ulilokwama ndilo linaloanza sentensi. Linatoka kwenye ukimya. Maneno kumi ya T na K ambayo hukukwama yote yako katikati, sauti ilikuwa tayari inatembea. Ndiyo maana ukiulizwa ghafla unakwama kwenye "takwimu": hapo unajibu kwa neno moja, nalo ndilo mwanzo na mwisho.

Kwa hiyo T na K peke yake hazikusumbui. Kinachokusumbua ni T na K baada ya kimya. Hili linapunguza kazi sana. Ukifuata njia ya Mzee utabadilisha nusu ya maneno, na mengi kati ya hayo yalikuwa hayakusumbui. Utasimama mbele ya watu ukiwa na maandishi mageni kichwani, huku akili inakagua kila neno kabla halijatoka. Ukaguzi huo wenyewe unaleta mkwamo.

Tunachohitaji ni kubadilisha vichwa vya sentensi tu, na Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Kitenzi chetu kinaanza na kiambishi cha nafsi, kwa hiyo ukisema habari zako mwenyewe, sentensi inaweza kuanza na "ni-" au "na-" karibu kila mara. N ni sauti inayopita puani, unaweza kuianza taratibu na kuivuta bila mtu kugundua. Mzizi mgumu unakuwa umejificha nyuma ya kiambishi. "Taaluma yangu ni takwimu" ikiwa "Nimesomea takwimu", neno lako la kazi limebaki, na bado linakuja baada ya irabu, sauti ikiwa wazi.

Rasimu yangu:

> Habari za asubuhi. Mimi ni Tatu. Nimesomea takwimu, na kwa miaka minne nimekuwa kwenye kampuni ya bima, upande wa madai. Hapa nitakuwa naandaa taarifa za kila mwezi. Nafurahi kuwa nanyi.

Hakuna kichwa cha sentensi chenye T wala K. Lakini jina, takwimu, kampuni na taarifa vyote vipo. Kipimo ninachotumia ni hiki: neno ambalo watu watakuuliza tena kesho, usilibadilishe. Kesho mtu atakuuliza "unaitwa nani?" na "umesomea nini?" Ukiwa umekwepa leo, kesho utakutana nalo peke yake, na hofu itakuwa imeongezeka.

NgomaMoja

Na mimi niongeze. Kuna njia ya mapigo. Unagonga kidole kwenye paja, kila silabi pigo moja: Mi-mi-ni-Ta-tu. Kigugumizi kinapotea hapohapo, nimeshuhudia kwa binamu yangu. Ndiyo maana watu wakiimba hawakwami. Kwa nini mnahangaika na viambishi?

SautiLaini

NgomaMoja, uko sahihi kwamba kinapotea. Mapigo, kuimba, kusoma kwa pamoja na mtu mwingine, vyote huondoa kigugumizi kwa wengi papo hapo. Shida ni kinachofuata. Ukisimama mbele ya watu ishirini ukaongea silabi moja moja kwa mapigo sawa, unasikika wa ajabu kuliko ungekwama. Ukijaribu kurudisha lafudhi ya kawaida, mapigo yanapotea na mkwamo unarudi. Na hicho kidole baada ya muda kinazoeleka, kinaacha kufanya kazi, wewe unabaki na tabia ya kugonga paja. Binamu yako akitaka kupunguza kasi, afadhali apunguze kwa kutua kati ya mafungu ya maneno kuliko kukata silabi.

Idi_wa_Mapokezi

Naomba niwe tofauti kidogo. Mimi T na K ni rafiki zangu. Kinachoniua ni irabu. Naitwa Idi, na kazi yangu ni kupokea simu. Nikitaka kusema "Idi" koo linafunga, kama mtu kaziba bomba. Kwa hiyo mtu akisema kuna sauti rahisi na sauti ngumu, mimi sioni. Wakati fulani nilipewa karatasi yenye "herufi nyepesi", na irabu zote zilikuwamo!

Nilichokuja kugundua ni kwamba nisitenganishe. Nasema "ni Idi" kwa mkupuo mmoja, karibu "niidi". I ya "ni" inaingia kwenye I ya jina, koo halipati nafasi ya kufunga. Mara chache mteja anasikia "Nidi", namwacha, akiuliza narudia. Lakini nisiposema "ni", nikaanza "Idi hapa", nimekwisha.

SautiLaini

Idi ameeleza vizuri jambo ambalo ni gumu kulieleza. Hakuna orodha ya herufi nyepesi inayofaa kila mtu. Kwako mkwamo uko kooni, kwa Tatu uko kwenye ulimi, au angalau ndivyo anavyoeleza. Tatu, hebu thibitisha. Weka vidole shingoni, sema jina mbele ya mdogo wako. Ukikwama, sikiliza mwili: ni ncha ya ulimi imeng'ang'ania juu, au ni koo limefunga na pumzi imesimama kifuani? Jibu litatuambia dawa ya lile jina.

MezaYaNyuma

Ni ulimi. Ncha inabana nyuma ya meno ya juu kwa nguvu mpaka taya inauma. Lakini pumzi nayo nahisi naizuia. Navuta pumzi nyingi kabla, halafu nabana.

SautiLaini

Basi kuna mambo mawili, na yote yanarekebishika kwa sehemu.

La kwanza ni pumzi. Hiyo pumzi kubwa unayovuta kabla ya jina iache. Kifua kikijaa mpaka juu, koo hufunga ili kukizuia, na sasa una vizuizi viwili badala ya kimoja. Vuta pumzi ya kawaida tu, na anza kuongea mara inapogeuka kwenda nje. Usiibebe kwanza.

La pili ni ule mguso. Jaribu sasa hivi ulipokaa. Sema T kwa kubana ulimi kwa nguvu zote, kisha uachie. Rudia, mara hii ulimi uguse pale kwa wepesi kiasi kwamba pumzi inavuja kidogo kabla hujafika kwenye A. T itasikika laini, kidogo tu si kali. Msikilizaji hataona tofauti, ila wewe utaihisi. Zoezi zuri ni kwenda na kurudi: ngumu, nyepesi, ngumu, nyepesi, mpaka ulimi ujue tofauti bila wewe kuufikiria. Halafu A ya kwanza iache irefuke kidogo, "Taatu". Mkazo wa jina lako uko hapohapo kwenye "Ta", kwa hiyo kuirefusha hakusikiki vibaya. Hiyo nayo ndiyo sababu moja jina ni gumu kuliko "takwimu". Kwenye "takwimu" mkazo uko "kwi", T inapita kimya kimya.

Sasa unganisha na "ni". N na T hutengenezwa mahali pamoja, ulimi unagusa palepale, tofauti ni kwamba N inapita puani na ina mtetemo. Kwa hiyo kwenye "Mimi ni Tatu" ulimi umeshapita hapo kwa wepesi mara moja kabla haujaombwa T. Usitue kati ya "ni" na "Tatu". Wengi hutua hapo kujikusanya, na kutua huko kunalirudisha jina kwenye ukimya, yaani kulekule tulikolitoa. Ukitaka kutua, tua baada ya "Habari za asubuhi". Watu watajibu, na wewe ingia jibu lao likiwa linaisha.

Idi_wa_Mapokezi

Mtaalamu, hapo kwenye "naitwa" mbona umeondoa? Mimi naona "naitwa Tatu" ni bora. Ulimi unakuwa umeshasema T moja kwenye "-twa", ya pili inafuata kwa kasi. Tena kila mtu pale atasema "kwa majina naitwa", yeye akisema "mimi ni" ataonekana wa ajabu.

SautiLaini

Hoja nzuri, na sina uhakika kwamba nakushinda. "Kwa" ya mwanzo lazima iondoke kwa sababu alikwama hapo. "Naitwa" yenyewe inaanza na N, kwa hiyo kichwa cha sentensi kiko salama. Nilichoogopa ni kwamba T mbili zinazokaribiana zinampa nafasi mbili za kukwama. Lakini mwenyewe hakuorodhesha "naitwa" kwenye mikwamo yake. Ajaribu zote mbili mbele ya mtu, achague ile ambayo mwili unaipenda. Ya kuonekana wa ajabu sioni, "Mimi ni fulani" husemwa kila siku.

MzeeVisawe

Mnaniponda kwa ustaarabu, nimeona. Lakini niulize. Siku ya siku, kasimama, kafanya hiyo "nyepesi nyepesi" yote, na bado amekwama kwenye jina. Hapo afanyeje? Mimi nina jibu langu: napitia "yaani", "eeh", "kwa kweli", nasogea nasogea, nikipata mwanya nalitupa neno. Inafanya kazi.

SautiLaini

Inafanya kazi mpaka inaacha. Hizo "yaani" ni ngazi za kuruka neno. Mwanzoni moja inatosha, baadaye zinahitajika tatu, mwishoni zinakuwa sehemu ya kigugumizi chenyewe. Mtu anakuja kwangu na "yaani kwa kweli yaani" mbele ya kila jina, na hajui tena kuzitoa.

Nitasema anachoweza kufanya, na ni kitu kilichoelezwa zamani na Charles Van Riper, Mmarekani aliyekuwa na kigugumizi yeye mwenyewe na akawa mtaalamu mkubwa wa fani hii. Ukikwama, usirudi nyuma. Huo ndio mtego wa kwanza: "mimi ni… mimi ni… mimi ni…", unajaribu kukimbia uruke ukuta. Baki palepale kwenye T. Usisukume. Ulimi uko juu umebana, sasa punguza nguvu yake kidogo kidogo mpaka uhisi pumzi inavuja, na kwenye huo uvujaji ingia kwenye A. Itachukua sekunde moja au mbili. Kwako zitakuwa ndefu sana. Aliyekaa pale ataona tu mtu aliyesita kwenye jina lake kisha akalisema taratibu.

Kwenye mazoezi kuna jambo la ziada ambalo kikaoni si lazima: ukishakwama na neno likatoka kwa nguvu, nyamaza sekunde kama tatu, kisha lirudie polepole kwa mguso mwepesi. Hilo linafundisha mwili kwamba mkwamo hauishii kwenye kukimbia. Linachosha. Watu wengi hulikwepa, na nawaelewa.

Na zoezi la kukwama lazima lifanywe kwa makusudi. Mbele ya mdogo wako, jikwamishe kwenye "Tatu" kwa hiari, bana ulimi, kaa hapo, halafu ulegeze. Usipojifunza kulegeza ukiwa umetulia, hutalikumbuka ukiwa umesimama.

MezaYaNyuma

Nimejaribu zote mbili kwa mdogo wangu. "Mimi ni Tatu" inatoka vizuri zaidi kuliko "naitwa". Samahani Idi! Lakini kuna kitu kimenichanganya. Nikirudia maandishi yale mara nyingi mfululizo, mwishoni sikwami kabisa hata mbele yake. Nikadhani nimepona. Jioni akaja rafiki yake akakaa naye, nikasoma, nikakwama palepale kwenye jina. Kwa nini?

SautiLaini

Kurudia maandishi yaleyale hupunguza mikwamo, na punguzo kubwa huonekana kwenye marudio machache ya kwanza. Lakini punguzo hilo halihami. Badilisha msikilizaji, badilisha chumba, unarudi karibu na mwanzo. Na ukiwa peke yako watu wengi wenye kigugumizi hawakwami kabisa, kwa hiyo chumba chako hakikupimi chochote. Usihesabu marudio, badilisha mazingira. Peke yako ukisimama. Kisha simu ikirekodi. Kisha mdogo. Kisha mdogo na rafiki. Kisha umpigie mtu simu umsomee. Kila ngazi ifanye mpaka mguso mwepesi ubaki kwenye ulimi hata kama bado unakwama. Ninachopima ni mguso tu, kukwama sikuhesabu.

Tena usikariri kila neno. Kariri mstari wa kwanza mpaka "Tatu", na ule wa "Nafurahi kuwa nanyi". Katikati beba mambo matatu tu: nimesomea nini, nilikuwa wapi, nitafanya nini. Aliyekariri neno kwa neno akikwama hana pa kupita, kwa sababu neno linalofuata linasubiri lile lililokwama.

NgomaMoja

Swali la mchokozi: kwa nini asiwaambie tu mapema? "Nina kigugumizi, nivumilieni." Biashara imekwisha.

MzeeVisawe

Ajiaibishe siku ya kwanza kazini? Hapana.

Idi_wa_Mapokezi

Mimi nilianza kusema. Simu zilipungua uzito. Nasema "nakwama kidogo nikiongea, nisubiri", mteja anasema "sawa". Ila nasema kwa wanaopiga mara ya kwanza tu.

SautiLaini

Wanaokisema bila kuomba msamaha huwa wanapokelewa vizuri zaidi kuliko wanaoanza na "samahani sana". Hilo naliona, na utafiti unaelekea hukohuko. "Nivumilieni" ya NgomaMoja ina harufu ya kuomba radhi, ningeiondoa. Na angalieni mtego wa maneno: kwa Tatu, "kigugumizi" lina K, kisha G mbili. Watu wengi hukwama hapohapo wakijitangaza. Kwake ningependekeza "Huwa nakwama nikiongea, nikisita nisubirini." Inaanza kwa pumzi, inapita kwenye N, na inawaambia watu cha kufanya.

Mahali pa kuiweka ndipo wataalamu wenyewe tunapotofautiana. Ikiwekwa kabla ya jina inapunguza shinikizo, lakini inageuza kujitambulisha kuwe habari ya kigugumizi. Ikiwekwa baada ya mkwamo inakuja yenyewe, ila inahitaji utulivu wa kukumbuka ukiwa umetikisika. Mimi naelekea kwenye ya pili. Mwenzangu ninayefanya naye kazi anaipinga kabisa.

MezaYaNyuma

Nimeamua hivi. Nitaianza na "Habari za asubuhi. Mimi ni Tatu." Nikikwama zaidi ya kawaida, nitalegeza, nitalisema, kisha nitaweka ule mstari wa "huwa nakwama". Nisipokwama nitaendelea.

Jambo moja bado. Tutazunguka meza kwa zamu, na mimi nikisubiri zamu huwa najirudia kichwani "Tatu, Tatu, Tatu" mpaka ulimi unakauka. Nimwombe mwenyekiti nianze?

SautiLaini

Ukiweza kukaa upande wa zamu ya mwanzo, kaa. Ukishindwa, acha kulirudia jina kimya kimya, maana unalirudia kwa ulimi uliobana, unajifundisha kukwama. Sikiliza wenzako wanachosema na ukariri jina la yule anayekutangulia. Akimaliza, toa pumzi yote nje kwanza. Pumzi inayofuata ndiyo utakayoongea nayo.

MzeeVisawe

Naomba nihamishe swali kidogo, msinicheke. Mimi jina langu halisi sijalitamka kwenye simu miaka mingi. Linaanza na B. Nikitaka kuanza, nianzie wapi?

SautiLaini

Hakuna anayecheka, Mzee. Piga simu mahali wasipokujua, ukaulizie tu saa za kufungua, na mwanzoni kabisa sema "Mimi ni" na jina lako, huku ukijikwamisha kwenye B kwa makusudi. Midomo igusane, ikae, ilegee, itoke. Ukikwama kwa hiari hakuna cha kuficha tena, na ndiyo mara ya kwanza jina litatoka. Kwa B fuata sheria ileile ya T, midomo iguse bila kubana. Na hizo "yaani" ziache mlangoni.

MzeeVisawe

"Mimi ni", halafu B. Sawa. Nikipata mwanya nitarudi hapa. Idi, wewe hapo mapokezi, huwa unafungua saa ngapi?